Mahubiri ya miti kwa usharika wa wakulima: anza na mtini wa Luka 13, umalizie kwenye kisiki

"Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mwinjilisti wa mtaa mmoja huku vijijini Chamwino, Dodoma. Waumini wangu ni wakulima wa uwele, mtama na alizeti, wachache wana zabibu. Nimepangiwa kuhubiri juu ya kutunza uumbaji na kupanda miti, Jumapili ya katikati ya Oktoba. Kila mwaka tunahubiri hivyo, tunapanda miche kiwanjani kwa kanisa, ikifika Agosti imekauka yote. Watu wamechoka kusikia. Nichukue andiko gani, na niseme nini ambacho mkulima ataondoka nacho?"

Amina, mwinjilisti. Chukua Luka 13:1–9, mfano wa mtini usiozaa, na mwaka huu uiache Mwanzo 1 na 2 ipumzike. Si kwamba Mwanzo haifai. Waumini wako wameisikia mara nyingi, na hubiri lake wanalijua linakoishia: Mungu alituweka bustanini tuilime na kuitunza, sisi tumeiharibu, basi tupande miti. Mkulima anaitikia "amina", anarudi nyumbani, na keshoyake anaingia shambani na jembe lile lile kung'oa visiki vile vile. Hubiri halikumfikia pale alipo na kazi yake.

Luka 13 inamfikia, na kwa watu wa Dodoma inamfikia kuliko watu wa mikoa mingi. Soma mstari wa 6 polepole mbele yao: mtu alikuwa na mtini umepandwa katika shamba lake la mizabibu. Ni mti mmoja katikati ya shamba la mazao, na zao lenyewe ni zabibu. Huna haja ya kueleza mizabibu ni nini kwa watu wanaopita mashamba ya zabibu wakienda mnadani. Kisha sikiliza mwenye shamba analalamika nini katika mstari wa 7: "Uukate, mbona hata nchi unaiharibu?" Hayo ndiyo maneno ambayo wakulima wako wanayasema kila msimu juu ya mti ulio katikati ya uwele. Unakula ardhi, unaweka kivuli, haunipi kitu. Yesu ameyaweka kwenye Injili, nawe huna haja ya kuyakwepa.

Usianzie mstari wa 6, lakini. Anza mstari wa 1, maana hapo pana ulinzi wa hubiri lako zima. Watu wanamletea Yesu habari ya Wagalilaya waliouawa na Pilato, naye anaongeza habari ya watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara kule Siloamu. Anauliza: mwadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wengine? Anajibu mwenyewe: la, sivyo. Kwenye nchi yenu ya mvua chache kuna kishawishi kikubwa cha kusimama madhabahuni na kusema ukame wa mwaka jana ni adhabu ya Mungu kwa sababu mlikata miti. Nimelisikia hubiri hilo likihubiriwa kwa bidii, na nimeona linavyomwangukia asiyestahili. Anayeinamisha kichwa ni mama mjane anayebeba kuni kichwani, wakati gunia la mkaa liliagizwa na mtu wa mjini ambaye hayumo kanisani. Yesu hakuruhusu hesabu hiyo ya kwamba aliyepata janga ndiye mwenye dhambi zaidi. Wakati huo huo hakuwaacha wasikilizaji wake wakae raha: anawaita wote watubu, mara mbili, mstari wa 3 na wa 5. Hiyo ndiyo sauti unayoitafuta, ya kuwaita watu wote pamoja bila kumtafuta wa kumlaumu.

Halafu uwe mwaminifu kwa mfano wenyewe. Yesu hakuutoa ili kufundisha kilimo cha miti. Mti ule ni wasikilizaji wake, na mwaka ule mmoja ni nafasi ya kutubu. Sema hivyo waziwazi, robo ya kwanza ya hubiri, kwa sababu mzee wa kanisa anayeijua Biblia yake atakuona mara moja ukiruka maana ya andiko ili ufike kwenye miche. Ukishasema kwamba sisi ndio mti ulioongezewa mwaka, ndipo una haki ya kugeuka na kuuliza: aliyeongezewa mwaka anawatendea vipi wale walio chini ya mkono wake? Mtunza shamba wa mstari wa 8 anajibu kwa maneno ya mkulima kabisa: "uuache mwaka huu nao, hata niupalilie, niutilie samadi." Angalia kwamba habishani na bwana wake. Hasemi miti ni mizuri, wala hasemi italeta mvua. Anajitolea jembe lake, samadi yake na msimu mmoja. Na anakubali kwamba baada ya hapo, ukishindwa, utakatwa. Kwa hiyo andiko halimkatazi mkulima kukata mti. Watu wako wanahitaji kuni, nguzo na fito, na hubiri linalowafanya waone kila panga kuwa dhambi litawapoteza kabla hujafika katikati.

Sasa nije kwenye miche yenu inayokauka, maana hapo ndipo hubiri linapata mwili.

Mvua zenu ni za msimu mmoja, kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba hadi Aprili. Baada ya hapo ni miezi saba hivi bila tone. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni tarehe 1 Aprili, na makanisa mengi hupanda siku hiyo au wiki zinazoizunguka. Mche uliopandwa Aprili huko Chamwino una wiki chache tu za unyevu kabla jua halijaanza, mizizi yake haijafika mbali, na kiwanja cha kanisa hakina mtu aliyekabidhiwa ndoo ya maji. Mbuzi akiuacha, kiangazi hakiuachi. Ikiwa lazima mpande, pandeni Desemba au mwanzoni mwa Januari, baada ya mvua mbili tatu kubwa, pale ukichimba kwa jembe unakuta udongo umelowa kupita urefu wa kiganja. Shimo liwe la sentimita 60 kwenda chini na 60 upana, lichimbwe sasa hivi Oktoba. Udongo wa juu uuchanganye na samadi iliyooza, na upande wa chini wa mteremko uweke tuta la nusu duara ili maji ya mvua yasimame kwenye mche. Miti mitano ya namna hiyo, yenye mwenyewe na yenye uzio wa miiba, inawafaa kuliko mia moja ya Aprili.

Lakini nakusihi usifanye mche kuwa kiini cha hubiri. Fanya kisiki.

Tembea na mzee mmoja kwenye shamba lolote la uwele baada ya mavuno, kabla halijasafishwa. Utaona vichaka vidogo vinavyofika magotini, vimetapakaa kila baada ya hatua kadhaa, vikiwa na vijiti vyembamba kumi, kumi na tano, vyote vikigombania nafasi. Wengi huviona ni magugu. Piga magoti, fukua kidogo kwa mkono, na chini yake utagusa gogo gumu kama goti la mtu. Huo ni mti uliokatwa miaka iliyopita: mgunga, mkwaju, mpingo, wakati mwingine mkababu. Mizizi yake iko hai, imeshuka kina ambacho mche wa bustani hautakifikia kwa miaka mingi, na kila mwaka inajaribu tena kutoa mti. Kila Novemba mwenye shamba anaukata tena kwa jembe anaposafisha shamba. Ni mti ambao tayari umepandwa na umeshavumilia ukame. Unachokosa ni mtu wa kuupalilia.

Hapo andiko la pili la siku lipatie nafasi: Ayubu 14:7–9. "Kwa maana yako matumaini ya mti, ya kuwa ukikatwa utachipuka tena." Lisomwe tu kama somo la kwanza, na msomaji mzuri, usilihubiri. Ayubu analisema kwa uchungu, akilinganisha mti unaochipuka na mwanadamu anayekufa, na ukilifanya liwe neno la kufurahisha utamkosea Ayubu. Wakulima watalisikia wenyewe. Ukisoma mpaka pale kwenye "harufu ya maji", utaona vichwa vikitikisika.

Mfano wa kuwasimulia, ukitaka mmoja, upo na ni wa kweli. Mwaka 1983 Tony Rinaudo, mmisionari wa Kiaustralia aliyekuwa akifanya kazi eneo la Maradi nchini Niger, alikuwa amechoka kupanda miche inayokufa, kama ninyi. Siku moja alisimamisha gari lake njiani ili kupunguza upepo wa matairi yapite mchangani, akaangalia nyika tupu pande zote, akaomba. Macho yake yakaangukia kichaka kidogo. Alipokisogelea na kutazama majani, akatambua kwamba si kichaka, ni mti uliokatwa unaochipuka kutoka kwenye kisiki chake. Wakulima wa Niger walipoanza kuviacha na kuvipogolea visiki hivyo, miti ilirudi kwenye takriban hekta milioni 5 za mashamba. Kazi hiyo hiyo imefika Dodoma kwa jina ambalo watu wako pengine wameshalisikia, Kisiki Hai, ikienezwa na LEAD Foundation. Simulia kwa dakika tatu, usiigeuze kuwa hadithi ya shujaa. Uzito wake uko kwenye kichaka, na shamba la kila mmoja aliyeketi mbele yako lina vichaka hivyo.

Kabla hujapanda madhabahuni, ufanye kazi hii kwa mikono yako kwenye kisiki kimoja cha shamba lako, ili unapoisema uiseme kama mtu aliyeifanya. Inasemwa kwa maneno manne: chagua, pogolea, weka alama, tunza. Kuchagua ni kutazama vijiti vyote vya kisiki kimoja na kuacha viwili au vitatu, vilivyonyooka na vinene, vilivyotoka chini karibu na ardhi. Vingine vikate karibu na gogo kwa panga kali. Kupogolea ni kuondoa matawi ya pembeni kwenye vile ulivyoviacha, kuanzia chini hadi nusu ya urefu wake na si zaidi, ukikata kutoka chini kwenda juu. Ukikata kwa kushusha panga, gome linachanika na kuning'inia kama kamba, na kidonda hicho kinakaribisha wadudu na kukausha kijiti. Ukipogolea kupita nusu, utaona kijiti kinalala upepo ukija, kwa sababu kimebaki na kichwa kizito juu ya mwili mwembamba. Matawi uliyoyakata, hasa yenye miiba, yarundike kuzunguka kisiki, mbuzi wasifike.

Alama ni kipande cha kitambaa kinachofungwa kwenye kijiti, ili wewe, mwanao, na kijana wa plau msikikate tena kwa kusahau. Na kutunza ni kurudi kila baada ya miezi michache kuondoa machipukizi mapya yanayotoka chini, maana kisiki hakikomi. Msimu wa pili au wa tatu unaweza kuvuna kijiti kimoja kati ya vitatu kwa kuni au fito na kuacha viwili viendelee.

Ili hubiri liwe na kipimo ambacho mkulima anaweza kukibeba, chukua ekari moja ya kawaida, hatua 70 kwa 70. Miti 16 kwenye ekari hiyo ni mistari minne ya miti minne, kila mti ukiwa mbali na mwenzake hatua kumi na saba hivi. Si lazima wapange mistari, visiki viko vilipo. Lakini kipimo hicho kinaonyesha kwamba humwombi mtu ageuze shamba kuwa pori. Sasa mwombe mama mwenye ekari hiyo aanze na visiki vitano tu mwaka huu. Kila kisiki kinamchukua muda mfupi kwa panga lililonolewa. Anakwenda asubuhi mbili, anarudi na kuni za wiki kutokana na vijiti alivyoviondoa, na amemaliza kabla ya mvua. Ndiyo sababu Oktoba yako ni nzuri: watu hawajaanza kusafisha mashamba. Hubiri hilo likisogezwa hadi Advent, jembe litakuwa limeshapita.

Mambo mawili yatakuja kichwani mwa wasikilizaji wako ukisema hayo, na ni bora uyataje mwenyewe.

La kwanza ni ndege na kivuli. Mkulima wa uwele na mtama anaogopa kwelea kwelea kuliko anavyoogopa ukame, na ana hoja, kwa sababu ndege hao wanapenda vichaka vya miiba vilivyosongamana. Mjibu kwa ukweli: kisiki kisichopogolewa ndicho kichaka cha kwelea, na kupogolea kunakiondoa kichaka na kuacha mti wenye shina. Ndege bado watatua juu yake, na kazi ya kuinga iko pale pale, usiwaahidi vinginevyo. Kuhusu kivuli, mti uliopogolewa mpaka nusu unaruhusu jua la asubuhi na jioni kupita chini yake. Mkababu ndio rafiki wa mkulima kuliko yote, kwa sababu unapukutisha majani wakati wa mvua, mazao yakiwa shambani, na kuyavaa kiangazi, na maganda yake ni chakula cha mifugo. Aliye na kisiki cha mkababu aanze na hicho.

La pili ni zito zaidi, na wengi hawatalisema kwa sauti. Katika mkoa wenu mazungumzo ya miti yana historia. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa kabisa kwenye maeneo ya Kondoa yaliyokuwa yamemomonyoka. Uoto ulirudi kweli kweli. Lakini kuna kaya zilizobaki bila ng'ombe, na kumbukumbu hiyo ilivuka mipaka ya Kondoa. Mzee anaposikia kanisa likisema "tutunze uumbaji", anaweza kuwa anasikia "ng'ombe wako watatolewa" au "shamba lako litawekewa bango". Sema kwa maneno mafupi kwamba hakuna anayekuja kuchukua shamba, na kwamba mti ulioachwa shambani ni wa mwenye shamba kuutunza na kuuvuna. Hapo hapo uwe mwangalifu: baadhi ya miti ya asili huhitaji kibali kabla ya kukatwa au kusafirisha mazao yake, na mpingo ndio unaowasumbua watu zaidi. Nenda kwa afisa misitu wa wilaya wiki hii, umwulize ni miti ipi na utaratibu ni upi, ili usiahidi kutoka madhabahuni kitu ambacho mkulima atakuja kunyimwa ofisini. Nao waliokodi shamba wazungumze kwanza na mwenye shamba. Mwanamke aliyekodi ekari mbili akiacha visiki kumi bila makubaliano, mwakani shamba linaweza kuchukuliwa likiwa zuri zaidi, na hubiri lako litakuwa limemponza.

Basi hubiri lenyewe. Lipe dakika ishirini na tano, si zaidi. Mimi ningeliingiza hivi, nawe ubadilishe kwa lugha ya kwenu, na sehemu za Kigogo uziseme kwa Kigogo:

"Wapendwa, mwenye shamba huyu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mkulima kama ninyi. Amekuja shambani mwaka wa kwanza, akatazama juu, hakuna tunda. Mwaka wa pili, hakuna. Mwaka wa tatu, hakuna. Nani hapa angevumilia mbuzi asiyezaa miaka mitatu? Akasema, ukate, unaniharibia ardhi. Na mtunza shamba hakumwambia, bwana, umekosea. Alisema, nipe mwaka mmoja. Nitauchimbia, nitautilia samadi. Ndugu zangu, huo mti ndio sisi. Wangapi hapa tungekuwa tumekatwa zamani, kama si Yule aliyesimama katikati akasema, mwache mwaka huu nao? Tumepewa mwaka. Samadi imetiwa kwenye mizizi yetu, nasi tunaijua: ni Neno, ni maombi ya mama zetu, ni wale waliotuonya tukakasirika. Sasa aliyeachiwa mwaka akienda shambani kwake Jumatatu, akakuta kisiki kinachojaribu kuchipuka, atasema nini? Atasema, ukate, unaniharibia ardhi? Au atasema, nipe mwaka mmoja?"

Nyamaza hapo kidogo. Halafu uingie kwenye kisiki chenyewe, na uwe nacho mkononi. Namaanisha hivyo: leta matawi uliyoyakata kwenye kisiki chako, uyaonyeshe, uonyeshe na panga jinsi ya kukata kutoka chini kwenda juu. Mkulima anaamini mkono. Eleza maneno manne, taja ekari na visiki vitano, jibu habari ya kwelea, jibu habari ya mashamba ya kukodi, kisha urudi mstari wa 9 na useme kwamba mfano hautuambii kama mtini ule ulizaa. Yesu aliuacha hapo. Usiumalizie kwa niaba yake kwa kuahidi kwamba mvua itakuja. Miti shambani inapunguza upepo, inashika udongo, inarudisha rutuba kwa majani yanayooza na inatoa kuni karibu na nyumba. Ukiwaambia kwamba visiki vitano vitaleta mvua, na msimu ukawa mbaya, wataling'oa hubiri pamoja na visiki.

Kuhusu toba, iweke kabla ya hubiri, kwenye sala ya maungamo, na iwe ya usharika mzima, ukiwamo wewe. Nchini Zimbabwe, eneo la Masvingo, makanisa ya Kiafrika yaliyoungana miaka ya 1990 kwa ajili ya kutunza ardhi walikuwa na ibada ya Meza ya Bwana iliyoambatana na kupanda miti, na kabla ya kushiriki watu waliungama makosa kwa majina yake: kukata bila kurudishia, kulima hadi ukingoni mwa mto. Kuyataja kwa majina ndiko kunakofaa. "Tumekosa kwa kutojali uumbaji wako" haimgusi mtu. "Tumekata na hatukuacha chipukizi, tumechoma mabua moto ukavuka mpaka, tumeachia mifugo shamba la jirani" inagusa, na kila mtu anajua yake bila kutajwa.

Baada ya sadaka, akina mama wa kwaya wawe wamechana kanga kuukuu vipande vya upana wa vidole viwili. Kila anayetaka achukue vitano mlangoni. Usilazimishe, usiandike orodha ya waliochukua, wala usipige picha watu wakiwa wamevishika. Kitambaa kikifungwa kwenye kisiki shambani ndiyo ile alama, neno la tatu kati ya yale manne, na jirani anayepita atauliza ni cha nini. Kazi ya kueneza ifanywe na swali hilo.

Zungumza pia na mwenyekiti wa kijiji mapema, na sheikh wa msikiti kama mnaye, kuhusu mifugo inayoachiwa mashambani baada ya mavuno. Kila kitu nilichokueleza kinaweza kuliwa na mbuzi ndani ya wiki moja ya Julai. Usharika peke yake hauna uwezo wa kuwazuia mbuzi wa kijiji, lakini mkutano mkuu wa kijiji unaweza kupitisha sheria ndogo kwamba visiki vyenye kitambaa havilishwi, na wafugaji wenyewe wakae kwenye meza ya kuipanga. Hili lisipofanyika, waambie waumini wachague visiki vilivyo karibu na nyumba, ambako macho yapo.

Februari, palizi ya kwanza ikiwa imekwisha, omba dakika tano kwenye matangazo. Mwombe mmoja aliyefunga vitambaa asimame aseme vingapi vimebaki, vingapi vimekatwa kwa bahati mbaya, na vipi vimeliwa. Machipukizi mapya yatakuwa yameshatoka chini ya visiki kwa sababu ya mvua, na huo ndio wakati wa kuwakumbusha warudi na panga kuyaondoa. Ukisikia vingi vilikatwa na kijana wa plau, mwakani vitambaa viwe vya rangi kali. Ukisikia vingi vimeliwa, rudi kwa mwenyekiti.